Mshale Uliotoka Kwenye Chanya

Mimi ndiye Araba Eshun, na kabla hujauliza, ndiyo, mshale ule niliuchora mimi. Niliuchora kwa mkono huu huu wa kulia, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wanafunzi sita. Nakwambia wewe leo kwa sababu wale waliostahili kuambiwa niliwadanganya, na uongo wenyewe ndio ulionipa kazi ninayoifanya mpaka sasa. Usinikodolee macho. Hujui ungefanya nini.

Wakati ule nilikuwa mkufunzi wa muda katika idara ya kemia, chuoni kwetu pale Saltpond. Wa muda maana yake unasimamia maabara, unaendesha mazoezi, unasahihisha mitihani, unambebea profesa mafaili, na kila mwaka mwezi wa sita unaandika barua kuomba upya kazi ambayo tayari unaifanya. Nilikuwa nimeandika barua hizo mara tatu. Mwaka ule ikatangazwa nafasi ya kudumu, nafasi moja tu, na Profesa Amonoo, mkuu wa idara, akaniita akaniambia, "Araba, nafasi hii ni yako. Usifanye ujinga wowote mpaka Agosti, basi."

Ujinga nilikuwa nao tayari mfukoni. Zoezi la mwaka wa tatu lilikuwa siku ya Alhamisi, na Alhamisi moja nilikwenda Takoradi kusukwa nywele, dada yangu alikuwa anaposwa. Kwenye rejista nikaandika kwamba nimefundisha, nikawatia wote alama ya kuhudhuria, nikatia sahihi, halafu nikawaambia wanafunzi kimyakimya tukutane Jumamosi. Jumamosi ile baba yake kiongozi wa darasa alikuwa anazikwa Mankessim. Unajua mambo ya mazishi kwetu. Darasa zima likavaa nguo nyeusi na nyekundu, likajaza mabasi mawili, likaondoka. Waliobaki wakaja kwangu walikuwa sita.

Mmoja wao alikuwa Selasi Dogbey. Msichana mwembamba kutoka Keta, mwenye sauti ndogo na maswali makubwa. Simpendi mtu wa namna hiyo, nasema wazi. Wengine wote wanaandika, yeye anatazama ubao kama mteja anayekagua samaki kama ameoza. Alikuwa anasoma kwa ufadhili wa kanisa lao, na ufadhili ule ulikuwa na sharti moja: ukifukuzwa au ukifeli mwaka, umekwisha. Kila mtu alilijua jambo hilo kwa sababu yeye mwenyewe alilisema bila haya, pale alipokuwa akikataa kuchangia sherehe.

Swali lilikuwa kwenye karatasi ya mazoezi ya Profesa. Molekuli ina uti wa kaboni nne. Kaboni ya pili imeshika bromini. Kaboni ya tatu, jirani yake, haina hidrojeni hata moja, imezungukwa na methili tatu, yaani kaboni za pembeni zenye hidrojeni tatu tatu, ukihesabu na ile ya mwisho wa uti. Unaitia kwenye maji, unapasha moto kidogo. Onyesha kwa mishale jinsi maji yanavyochukua nafasi ya bromini, na useme kwa nini yanakwenda kukaa mahali ambapo bromini haikuwapo.

Ubao wa chumba kile ulikuwa umeharibika nusu ya juu, mvua ilivuja, chaki haishiki. Kwa hiyo nilichora yote chini. Hatua ya kwanza nikaichora vizuri kabisa: mshale unaanzia katikati ya bondi inayofunga kaboni na bromini, unaishia kwenye bromini. Bromini inaondoka na elektroni zote mbili, inakuwa na chaji hasi, na kaboni ya pili inabaki na njaa, yaani chaji chanya. Nina tabia moja. Pale mshale unapoanzia huwa naweka kidoti, ili mwanafunzi aone elektroni zinatoka wapi. Hakuna mwingine idarani aliyekuwa akifanya hivyo.

"Sasa," nikawaambia, "kaboni hii ya pili haina raha. Imeshikwa na kaboni mbili tu, haina wa kuisaidia kubeba chaji. Jirani yake wa tatu angebeba kwa urahisi zaidi, kwa sababu angezungukwa na kaboni tatu. Kwa hiyo chaji chanya inahamia kule." Mdomo ukasema inahamia kule, na mkono ukaufuata mdomo. Nikaweka kidoti kwenye alama ya chanya, nikapitisha mshale chini ya uti kama kishikio cha kikapu, nikauchomeka kwenye methili inayoning'inia kwenye kaboni ya tatu.

Selasi akanyoosha mkono.

"Madam, samahani. Mshale si unafuata elektroni?"

"Ndiyo."

"Hapo kwenye chanya ndipo elektroni zimepungua. Sasa huo mshale unatoa nini hapo? Mimi nilidhani ungeanzia kwenye bondi ya methili na kaboni ya tatu, uje kwenye kaboni ya pili. Methili ihame na elektroni zake, halafu chanya ibaki kule ilikotoka methili."

Alikuwa sahihi. Kila neno. Na mimi nilijua kwamba yuko sahihi kabla hajamaliza kusema, maana sikosi kulijua jambo hilo, nimelifundisha mara mia. Ningeweza kucheka tu, nikafuta, nikasema, "Haya, mmeona? Nilikuwa nawapima." Kila mwalimu amewahi kufanya hivyo. Lakini Paa Kwesi Otoo, kijana wa nyuma mwenye mdomo usio na breki, akatoa kicheko na kusema, "Aa, madam kakamatwa!" Wote wakacheka. Damu ikanipanda.

"Selasi," nikamwambia, "simama."

Akasimama.

"Njoo hapa mbele. Chukua chaki. Shika hivyo hivyo, usiandike kitu. Nimesema shika! Kwenu Keta mmeanza lini kuwa maprofesa? Umefika mwaka wa tatu kwa hisani ya sadaka za vikongwe wa kanisani, unakuja kunifundisha mimi mshale unaanzia wapi?"

Nikamwacha amesimama na chaki mkononi, ameupa ubao mgongo, mpaka kipindi kikaisha. Dakika arobaini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Na nikawaambia wote, "Mtihani huu nausahihisha mimi. Atakayechora tofauti na nilivyochora, asije kunililia ofisini."

Walipotoka, nilifuta ubao haraka, hasa ule mshale. Niliapa wiki inayofuata ningesahihisha. Wiki inayofuata nikaingia, Selasi kakaa mstari wa mbele ananitazama, nikaanza mada mpya. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na sababu nyingine zaidi ya hiyo.

Mtihani ukaja mwezi wa tano, na swali la nne lilikuwa molekuli ile ile. Mimi nilijisemea, haina shida, hao sita nitawapa maksi zao, nani atajua. Lakini mwaka ule Profesa akaamua swali la nne alisahihishe mwenyewe.

Aliniita ofisini mchana mmoja, donge lake la kenkey ya mahindi na samaki wa kukaanga bado viko mezani havijaguswa. Alikuwa amepanga vitabu sita vya majibu kama karata.

"Tazama hapa," akasema.

Nikatazama. Mshale umeanzia kwenye chanya. Umepita chini. Umeishia kwenye methili. Vyote sita, kimoja baada ya kingine. Na kwenye mkia wa kila mshale, kidoti.

"Mtu mmoja akikosea, huyo hajasoma," Profesa akasema. "Sita wakikosea sawasawa, njia moja, mpaka na kidoti, hao wamenakili karatasi moja. Arobaini waliobaki hakuna hata mmoja aliyefanya hivi. Mtihani umevuja, Araba. Kuna mjinga mmoja kauiba, kaandika majibu ya ovyo, kawauzia wenzake."

Nilikuwa na nafasi pale. Maneno matano tu yangetosha: Prof, hilo kosa ni langu. Angenifokea. Angeuliza ni lini, ningesema Jumamosi, angesema mbona rejista inasema Alhamisi, na sahihi ya uongo kwenye rejista ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Nafasi ya kudumu kwaheri.

"Ajabu sana," nikasema.

"Wewe hukuwafundisha hivi?"

"Mimi, Prof? Mshale utoke kwenye chanya?"

Akacheka, akasukuma vitabu pembeni, akavuta sahani yake.

Tangazo likabandikwa siku hiyo hiyo. Kamati ya nidhamu ingekaa Jumatatu. Atakayekiri kabla ya Ijumaa na kumtaja aliyempa majibu, atarudia somo moja tu. Atakayekana na kukutwa na hatia, atafukuzwa chuo.

Paa Kwesi alinikuta nje ya maabara, jasho linamtiririka.

"Madam, kuna nini lakini? Si wewe uliyetufundisha? Wewe si uwaambie tu? Ni neno moja!"

"Nani kakwambia nimewafundisha?"

"Madam! Jumamosi ya mazishi! Nilikuwepo!"

"Rejista inasema Alhamisi, na siku hiyo jina lako lina alama ya kuhudhuria. Unataka kumwambia Profesa kwamba rejista ni ya uongo? Sawa. Nenda. Utaanza wewe kueleza Alhamisi ulikuwa wapi."

Akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Sikiliza, mdogo wangu," nikamwambia, na sauti nikaishusha ikawa ya upole, hiyo ndiyo sehemu ninayoionea haya kuliko zote. "Unataka kurudia somo moja, au unataka kurudi kwenu na begi kichwani?"

"Lakini wanataka tumtaje mtu. Hakuna mtu, madam. Nimtaje nani?"

"Mimi sijui. Ukiulizwa katika nyinyi sita nani alikuwa na akili ya kuandika majibu, ungesema nani?"

Akaangalia viatu vyake, akaondoka. Kufikia Alhamisi jioni watano walikuwa wamekiri. Wote watano walikiri wizi ambao haukuwahi kufanyika, na wote walimtaja Selasi Dogbey.

Yeye hakukiri. Walimfuata bwenini wakamsihi, nimesikia baadaye. Mmoja alimpigia magoti, "Kubali tu, dada, tutarudia wote pamoja." Akawaambia, "Nikubali nini? Niseme niliiba kitu gani?" Kanisa lisingemlipia mtu aliyekiri wizi, hilo nalo alilijua. Kwake yeye kukiri na kufukuzwa vilikuwa kitu kimoja.

Jumatatu kamati ikakaa katika chumba cha mikutano. Kulikuwa na Profesa Amonoo, na mwanasheria wa chuo, Bwana Tandoh, mzee mnene asiyejua kemia hata kidogo, na katibu wa kuandika, na mimi niliitwa kama mkufunzi wa somo. Ukutani palikuwa na ubao mzuri mpya.

Selasi aliingia amevaa gauni la kanisani. Akaweka daftari mezani.

"Hii hapa tarehe," akasema. "Jumamosi. Huu hapa mshale. Madam alituchorea hivi, mimi nikauliza, akanisimamisha mbele. Waulizeni wenzangu."

"Wenzako tumeshawauliza," Bwana Tandoh akasema. "Wote watano wanasema majibu uliwapa wewe. Na daftari, binti yangu, mtu anaweza kuliandika hata jana."

Akafungua rejista. Alhamisi, sahihi yangu. Hakuna Jumamosi, na wale arobaini wa mazishi hakuna aliyewaita.

Selasi alinigeukia. Alikuwa anangoja. Nikajitia kupanga karatasi zangu.

"Miss Eshun," Bwana Tandoh akasema, "mimi mwenzenu hizi kemia zilinishinda nikiwa kidato cha tatu. Nionyeshe kwa lugha ya mtu wa kawaida. Kosa liko wapi, na ingekuwaje?"

Nikasimama. Nikachora molekuli. Nikamwambia, "Mshale hauonyeshi kitu kinachotamani kwenda wapi, bwana. Unaonyesha elektroni zinatoka wapi na zinafika wapi. Chanya ni upungufu. Huwezi kuchota kwenye sufuria tupu. Kwa hiyo mshale unaanzia kwenye bondi inayoshika methili hii, unakuja kwenye kaboni hii yenye upungufu. Methili inahama na elektroni za bondi yake, upungufu unabaki kule." Nikachora mshale wenyewe, na mkono ulipofika kwenye mkia ukataka kuweka kidoti, mazoea. Nikauzuia. Nikaurudisha mkono bila kidoti.

"Na wewe ungeweza kuwafundisha vingine, labda kwa kuchoka?"

"Bwana Tandoh, hilo ni somo la kwanza kabisa."

"Madam," Selasi akasema. "Madam Araba, tafadhali."

Sikugeuka.

Hapo ndipo akafanya kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu mwaminifu. Akasema, "Naomba chaki. Mimi nilijua. Nilijua tangu siku ile. Nitawaonyesha."

Profesa akampa chaki. Akachora kuanzia mwanzo, haraka, bila kutazama popote. Mshale kutoka bondi ya bromini kwenda kwenye bromini, bromini ikaondoka. "Hatua hii ndiyo ya polepole," akasema, "na inahusu molekuli hii peke yake. Maji bado hayajagusa kitu. Kwa hiyo kasi yote inategemea wingi wa molekuli hii tu."

"Ndiyo maana ikaitwa ya molekuli moja," Profesa akasema, karibu kwa furaha. Mwalimu ni mwalimu tu.

"Ndiyo, Prof." Akachora mshale kutoka bondi ya methili kwenda kwenye kaboni ya pili, chanya ikatokea kwenye kaboni ya tatu. Akachora maji, akaweka jozi ya elektroni za oksijeni, na kutoka kwenye jozi ile mshale kwenda kwenye kaboni ya tatu. Oksijeni ikawa na hidrojeni mbili na chaji chanya. Akaleta molekuli nyingine ya maji, mshale kutoka kwenye jozi yake kwenda kwenye hidrojeni moja, na mshale mwingine kutoka bondi ya hidrojeni ile kurudi kwenye oksijeni. Akaandika mwisho wake: alkoholi, na kundi lake la oksijeni na hidrojeni liko kwenye kaboni ya tatu, si ya pili. Hakukosea hata mstari mmoja. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Akaweka chaki chini. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia.

Bwana Tandoh akamtazama Profesa. "Ni sahihi?"

"Sahihi kabisa. Maksi zote."

"Basi mimi nina swali moja," Bwana Tandoh akasema polepole, akavua miwani. "Binti, kama jambo hili unalijua vizuri namna hii, kwa nini kwenye mtihani uliandika lile la makosa?"

Selasi akafungua mdomo. "Kwa sababu Madam alisema... alisema yeye ndiye atakayesahihisha. Alisema atakayechora tofauti asije kulia. Mimi ufadhili wangu..."

"Mtu anayejua jibu sahihi haandiki la uongo kwa bahati mbaya," Bwana Tandoh akasema. "Na wenzako watano wasiojua wakaandika hilo hilo. Maana yake wewe ndiye uliyetunga karatasi ile. Uliwauzia wenzako majibu mabovu makusudi, na yako ukayaacha yafanane nayo, ili ukikamatwa useme mwalimu ndiye aliyekufundisha. Werevu huo nimeuona sana mahakamani."

"Hapana! Prof! Prof, unanijua!"

Profesa alikuwa anautazama ubao. Niliona uso wake unabadilika, furaha inaondoka, inaingia hasira ya mtu aliyetapeliwa. "Nilikuwa nikifikiri hujui," akamwambia. "Ningekuhurumia kama hujui."

Kisha Bwana Tandoh akaniuliza mara ya mwisho, kwa ajili ya kumbukumbu, kama nimewahi kumtishia mwanafunzi yeyote kuhusu kusahihisha. Katibu akainua kalamu. Selasi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, nasikia pumzi yake. Nilitaka kusema. Nakuapia nilitaka. Lakini nilishaona jina langu kwenye mlango wa ofisi, na niliuona uso wa mama yangu siku nitakapomwambia sitaandika tena barua mwezi wa sita.

"Hapana," nikasema. "Kamwe."

Walimfukuza kabla ya chakula cha mchana. Wenzake watano walirudia somo na wakafaulu. Paa Kwesi leo anafanya kazi kiwanda cha rangi kule Tema, na tukikutana ananisalimia kwa kuinama mno.

Barua yangu ya ajira ilifika Agosti, kama Profesa alivyosema. Siku ya tatu nikiwa kwenye ofisi mpya, nafuta vumbi kwenye rafu, mlango ukagongwa. Alikuwa Selasi. Amekonda zaidi. Alikuja chuoni kuchukua cheti chake cha sekondari alichokuwa amekikabidhi kwa ofisi ya usajili. Nilishtuka, nikatazama kama ana kitu mkononi. Hakuwa na kitu ila bahasha ile.

"Sikuja kugombana, madam," akasema. "Mambo yameshaisha. Nauza simu sasa, dukani kwa mjomba, Aflao."

"Vizuri. Kazi ni kazi."

"Nina swali moja tu, nijibu tu, sitamwambia mtu. Nani ataniamini hata nikisema." Akasogea karibu na meza. "Baba haongei na mimi. Mchungaji alinitangaza kanisani, mbele ya watu wote. Wameniambia mara nyingi kuwa nimesema uongo, mpaka sasa mwenyewe siku nyingine naamka najiuliza. Labda hukuchora. Labda niliota. Nataka kujua tu kama akili zangu ni nzima. Siku ile, Jumamosi, nilipouliza, nilikuwa sahihi?"

Hakuwa anaomba kurudishwa. Hakuwa anaomba radhi wala pesa. Tulikuwa sisi wawili tu, na mlango umefungwa. Neno moja, na lisingenigharimu hata senti.

Lakini ukishakana mbele ya watu, huwezi kujua nani yuko nyuma ya mlango. Huwezi kujua bahasha imebeba nini, simu gani inarekodi. Mtu anayeuza simu! Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na bado najiambia. Ukweli ni kwamba nilimwona amesimama pale na macho yale yale ya kukagua, na nikamchukia.

"Selasi," nikasema, "mimi sijawahi kukufundisha siku ya Jumamosi."

Alitingisha kichwa polepole, mara mbili tatu, kama mtu anayepewa majibu ya hospitali. "Sawa, madam," akasema. "Asante."

Akatoka, akaurudishia mlango taratibu usigonge.